Methali za uaminifu kwa keshia wapya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wenye maduka na wasimamizi wanaopokea vijana wapya na kuwakabidhi droo ya pesa. Karibu wote wameshawahi kubandika methali ukutani wakaona haileti mabadiliko. Nimefundisha makeshia kwa muda, na ninaamini kasoro haimo kwenye methali. Imo katika kuchagua methali isiyofaa, au kuitamka bila kuonyesha mkono ufanye nini.

## Pa kuanzia

1. Sheria za duka zimeandikwa. Methali inaongeza nini?

Sheria husomwa siku ya kwanza, ikasainiwa, ikasahauliwa. Methali hukumbukwa saa ambayo foleni ni ndefu na hakuna wa kuulizwa. Ni fupi, ina mizani, na kijana mara nyingi aliisikia nyumbani kabla hajafikiria kuajiriwa.

Lakini methali peke yake haifundishi kazi. Kila unayoitoa iambatane na tendo moja la mkono, linaloonekana, ambalo mtu mwingine anaweza kuthibitisha kwamba limefanyika. Ukikosa tendo la kuambatanisha, iache methali hiyo. Itageuka hotuba, na vijana huzizoea hotuba haraka.

2. Ipi niitangulize?

*Mali bila daftari hupotea bila habari.* Naitanguliza kwa sababu haimtuhumu mtu. Haisemi mali itaibwa, inasema itapotea, tena bila habari, yaani hata mwenyewe hatajua ni lini wala ni vipi. Kijana mwaminifu kabisa anaweza kupoteza pesa namna hiyo, na ni vizuri alijue hilo mapema.

Tendo lake ni kuhesabu droo kabla ya kufungua. Keshia ahesabu chenji ya kuanzia mwenyewe, aandike kiasi, asaini, na anayemkabidhi asaini pia. Kuanzia hapo droo ni ya mtu mmoja. Akienda kula, droo inafungwa au inahesabiwa na kukabidhiwa upya. Droo inayoguswa na watu watatu haina mwenyewe, na shoti ikitokea kila mmoja atawatazama wenzake wawili.

3. Kwa nini usianze na "siku za mwizi ni arobaini"? Ndiyo inayojulikana zaidi.

Inajulikana, na ni kweli kwamba mazoea humfichua mtu. Arobaini yenyewe si hesabu ya kalenda, maana yake ni kwamba muda una kikomo. Ila fikiria anachosikia kijana aliyeingia kazini leo asubuhi. Anasikia kwamba tayari unamhesabia siku. Mwaminifu ataumia, na mwenye nia mbaya atajiambia kwamba bado ana thelathini na tisa.

Kuna tatizo kubwa zaidi. Methali ya vitisho humfundisha mtu kuficha kosa. Nimeona mara nyingi wizi wa dukani ukianza na kosa la hesabu ambalo mtu aliogopa kulisema (tazama swali la 6), au na pesa ya kuazima iliyokusudiwa kurudishwa kesho (tazama swali la 8). Watu wa namna hiyo hawajioni kuwa wezi, kwa hiyo methali ya mwizi hawaisikii.

## Kurudisha chenji

4. Methali gani inafaa kwa kuhesabu pesa mbele ya mteja?

*Haraka haraka haina baraka.* Imechakaa kwa kutumiwa, lakini hapa inafanya kazi yake sawasawa, kwa sababu makosa mengi ya chenji hutokea wakati mkono unakimbia na macho yanaangalia mteja anayefuata.

Pokea noti, itaje kwa sauti: "Umenipa elfu moja, dada." Iache noti hiyo juu ya meza au juu ya droo, isichanganyike na nyingine. Kisha rudisha chenji kwa kupanda kutoka bei hadi kiasi ulichopewa. Bidhaa ni 640. Weka 10, sema "mia sita hamsini." Weka 50, sema "mia saba." Weka 300, sema "elfu moja." Mteja akishachukua chenji ndipo noti yake iingie droo.

Sababu ya kuiacha noti nje ni moja tu: mteja akisema "nilikupa kubwa zaidi," noti ipo pale, nyote mnaiona. Ikishaingia droo imebaki kauli yako dhidi ya yake.

Methali hii pia ni kinga dhidi ya mteja anayebadilisha maombi katikati. Umeshaanza kumpa chenji, naye anasema, "Ngoja, nirudishie ile noti nikupe ndogo, halafu unibadilishie na hii." Wako wanaofanya hivyo bila nia mbaya na wako wanaoishi kwa mchezo huo. Keshia hana haja ya kuwatofautisha. Amalize muamala wa kwanza, droo ifungwe, kisha aanze wa pili: "Sawa kaka, tumalize hii kwanza." Mteja mkweli hatapoteza kitu kwa kungoja nusu dakika.

5. Mteja amezidisha pesa au amesahau chenji, ameshaondoka. Methali ipi inamwelekeza keshia?

*Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.* Mwambie keshia ajikumbuke yeye alipofika nyumbani akagundua chenji yake haikutosha. Ni pesa ileile, ila safari hii mkuki uko mkononi mwake.

Tendo: pesa hiyo isikae mfukoni, wala isiachwe ndani ya droo bila maandishi. Iwekwe kwenye bahasha yenye tarehe, saa, kiasi na namba ya risiti, akabidhiwe msimamizi. Mteja akirudi, apewe bila kubembeleza, na asaini. Asiporudi, duka liwe limeamua mapema bahasha hukaa muda gani na mwishowe huenda wapi. Keshia asiachiwe uamuzi huo.

## Shoti na ziada

6. Keshia wangu alipata shoti, akanyamaza. Ningemwambia nini kabla ya siku hiyo?

*Mficha maradhi kifo humuumbua.* Kama ningeruhusiwa methali moja tu katika kazi hii, ningechukua hii. Kuna nyingine yenye maana ileile, *mficha uchi hazai*, ila neno lake ni zito mbele ya vijana na watu wa rika tofauti, kwa hiyo mimi huiacha.

Maana yake dukani ni hii: shoti inayosemwa jioni ileile mara nyingi hupatikana chanzo. Inayosemwa baada ya wiki haipatikani, kwa kuwa hakuna anayekumbuka muamala wowote. Kuficha ndiko kunakoifanya ionekane kama wizi.

Nitoe mfano mmoja kikamilifu. Keshia alianza na chenji ya 2,000. Mauzo ya taslimu yaliyoandikwa yalikuwa 18,460. Droo ilipaswa kuwa na 20,460. Alihesabu akapata 20,280. Akahesabu tena, ikawa vilevile. Shoti ni 180.

Alimwita msimamizi kabla ya kugusa kitu. Msimamizi hakuuliza "umepeleka wapi?" Aliitazama 180 yenyewe. Inagawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, na hiyo ni dalili inayojulikana kwa watunza hesabu: tarakimu mbili zikibadilishana nafasi wakati wa kuandika, tofauti hugawanyika kwa 9 siku zote. Wakapitia nakala za risiti pamoja na daftari, wakitafuta kiasi kilichopinduliwa. Walikipata. Risiti ya mteja ilisema 460. Mteja alitoa 500 na akarudishiwa 40, sawasawa kabisa. Kwenye daftari keshia aliandika 640. Pesa haikupotea hata kidogo. Iliyozidi ni 180 iliyoandikwa tu.

Kumbuka kwamba kugawanyika kwa 9 ni dalili, haithibitishi. Shoti ya 900 nayo inagawanyika kwa 9, na huenda ni mauzo ya 100 yaliyoandikwa 1,000. Tofauti yenye sura ya noti, kama 500 kamili, inakuelekeza kwenye noti iliyodhaniwa nyingine wakati wa chenji. Tofauti inayolingana na bei ya bidhaa moja huwa muamala uliosahauliwa au ulioandikwa mara mbili. Wafundishe makeshia kuitazama namba kabla ya kuwatazama watu.

Sasa fikiria kijana huyo angenyamaza na kutia 180 kutoka mfukoni mwake. Angelipa deni asilokuwa nalo, daftari lingebaki na uongo, na kesho angejiuliza namna ya kujirudishia.

7. Basi si afadhali afidie mwenyewe, yaishe? Na ziada je, si faida?

Kwa maswali yote mawili, hapana.

Shoti inayofidiwa kimyakimya haiwezi kuonekana. Kama kuna kasoro katika mashine, bei au namna ya kupokea noti, hutaijua kamwe, maana kila jioni hesabu inafunga vizuri. Iandike hata kama ni ndogo. Suala la nani ataibeba lifuate sheria ya kazi ya mahali ulipo na mkataba wenu. Lisiamuliwe pale mezani kwa hasira.

Ziada ina hatari yake pekee. Ikiwa droo ina pesa kuliko maandishi, basi ama mteja alipunjwa chenji, ama kuna mauzo ambayo hayakuandikwa. La pili linahitaji uangalizi, kwa sababu mauzo yasiyoandikwa yanaweza kuwa yamewekwa hapo yasubiri kuchukuliwa. Maduka mengine huwa na kikombe kidogo pembeni: ziada inatupwa humo, shoti ikitokea inazibwa kutoka humo. Huonekana kama busara. Kweli yake ni kwamba chenji waliyopunjwa wateja wa Jumatatu inalipia uzembe wa Jumanne, na daftari halijui lolote. Ondoa kikombe. *Usipoziba ufa utajenga ukuta*, na kikombe hicho ni pazia lililotundikwa mbele ya ufa.

## Kuazima kutoka droo

8. Wafanyakazi wanasema kuazima nauli na kuirudisha kesho si wizi. Nijibu vipi?

Jibu bila ukali, maana anayesema hivyo kwa kawaida anaamini anachosema. Methali ni *mchovya asali hachovyi mara moja*. Wengine husema *mwonja asali haonji mara moja*, zote ni sawa.

Ninaipenda kwa sababu haimwiti mtu mbaya. Asali ni tamu, ndivyo ilivyo, na kidole kikishajua utamu kitarudi. Mtu aliyeazima mara moja na kurudisha amejifunza mambo mawili: kwamba inawezekana, na kwamba hakuna aliyeona. Mara ya pili kiasi kinapanda kidogo. Mara ya tatu mshahara umechelewa, au mtoto ameugua, na kurudisha kunasogezwa. Sasa anahitaji kuficha. Hapo ndipo hufuta muamala wa mteja aliyelipa taslimu na kuondoka bila risiti, ili maandishi yapungue yalingane na droo. Siku ya kwanza hakuwa na wazo hilo kabisa.

Ndiyo maana mstari uwekwe kwenye sarafu ya kwanza. Kiasi hakihusiki. Na ndiyo maana lazima uweke njia ya wazi ya kuomba msaada: malipo ya awali ya mshahara yenye fomu, yanayotoka kwa msimamizi, kamwe si droo. Ukikataza kuazima na usiweke njia hiyo, umewaacha watu na shida zao mbele ya droo iliyo wazi.

Matendo mawili huisindikiza methali hii. Kufuta muamala kuhitaji mtu wa pili, na sababu iandikwe wakati huohuo. Na anayehesabu droo jioni asiambiwe kwanza kiasi kinachotarajiwa. Ahesabu, aandike, ndipo alinganishe. Anayejua jibu mapema hujikuta akihesabu hadi alifikie.

9. "Haba na haba hujaza kibaba" inafaa hapa?

Kwa tahadhari. Kibaba ni kipimo cha zamani cha nafaka, robo ya pishi, na methali yenyewe huwasifu wanaoweka akiba. Ukiitumia kuonya juu ya wizi mdogomdogo, msikilizaji anaweza kucheka na kusema kwamba hata yeye anajaza kibaba chake.

Tumia *bandu bandu huisha gogo*. Hapo picha ni ya kitu kinachopungua, na kibanzi kimoja kimoja hakuna anayekiona kuwa ni gogo.

## Methali zinapogeuzwa

10. Nimemweleza kijana, akanijibu "mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake". Nifanye nini?

Usimkemee. Ni jibu utakalokutana nalo, afadhali lije kwenye mafunzo. Wengi huielewa kwamba aliyewekwa karibu na pesa ana haki ya kuila.

Mrudishe kwenye maneno yenyewe: mbuzi hakujifunga kamba, wala hapimi urefu wake. Kuna aliyeipima, na kwake kamba ina mwisho. Kwa keshia, kamba ni mshahara na posho alizokubaliwa. Pesa ya mteja iko nje ya duara lile, hata kama shingo ikinyooshwa inaifikia. Usomaji huu hautamridhisha kila mtu, nami sidai kwamba ndio pekee. Lakini mjadala wake huwafungua vijana kuliko somo lolote, kwa sababu hapo ndipo wanaposema wanachokifikiri kweli.

11. "Samaki mmoja akioza wote wameoza." Je, niitumie baada ya wizi kutokea?

Nakusihi usiitumie. Ukishaitamka, waliobaki wote wamekuwa samaki waliooza, na mwaminifu hana sababu tena ya kuhangaika. Vilevile usitegemee *lisemwalo lipo, kama halipo laja*. Hiyo inageuza uvumi kuwa ushahidi. Mtu ametajwa na wenzake? Rudi kwenye droo, saini na miamala iliyofutwa. Ikiwa droo ilikuwa ya mtu mmoja kama ilivyoelezwa katika swali la 2, maandishi yatakuonyesha pa kutazama. Kama haikuwa, kosa la kwanza ni la mpangilio wenu.

12. Mwenye duka mwenyewe huchota droo bila kuandika. Nitawafundishaje wengine?

Hutaweza. *Nyani haoni kundule*, na keshia wanaliona kabla yako. Ni pesa yake, kweli, lakini akichota bila maandishi ameweka shoti kwenye droo yenye saini ya mtu mwingine. Mwombe, kwa heshima na faraghani, aandike kikaratasi cha kiasi na saa, kiingie droo mahali pa pesa aliyotoa: "Mzee, tukihesabu jioni kijana asije akabeba lisilo lake." Wenye duka wengi hulikubali likiwekwa hivyo, kwa kuwa hakuna anayewatuhumu.

13. Malipo ya simu hayapiti droo. Methali hizi bado zinahusika?

Zinahusika zote, hasa ya swali la 4. Keshia athibitishe malipo kwenye simu au mashine ya duka, asikubali ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja, maana ujumbe hutungika. Na namba ya kupokelea iwe ya duka. Keshia anayetoa namba yake binafsi "kwa sababu mtandao unasumbua" ameshaweka kidole kwenye asali, hata kama anakusudia kuirudisha yote.

14. Keshia amekuja mwenyewe kukiri kwamba alichukua. Nimfanyeje?

Kwanza msikilize hadi mwisho, pasipo kumkatiza kwa methali yoyote. *Kweli iliyo uchungu si uongo ulio mtamu*, na amekuletea ile chungu akijua inaweza kumgharimu kazi.

Kisha fanyeni hesabu pamoja, kwa maandishi: siku zipi, kiasi gani, alikifichaje. Hilo la mwisho lina thamani kwako, kwa sababu linakuonyesha tundu ambalo mwingine anaweza kulitumia. Kama kuna mteja aliyepunjwa na anajulikana, arudishiwe kwanza. Baada ya hapo ndipo useme *dawa ya deni ni kulipa*, na mkubaliane kiasi na tarehe anazoweza kuzitimiza, nyote mkisaini.

Kubaki kwake kazini ni uamuzi wako, kwa kufuata sheria na uzito wa jambo lenyewe. Akibaki, mwondoe kwenye droo kwa muda mliotaja wazi, apange bidhaa au apokee mizigo, na wenzake wasielezwe zaidi ya wanachohitaji kwa kazi. Muda ukiisha, mrudishie droo kama ulivyomkabidhi siku ya kwanza: ahesabu mwenyewe, aandike, asaini, nawe usaini chini yake.